Laini ya Kumlaza Bosi

Nianze kwa kukiri, asije mtu akasema nimemsingizia mwingine: wazo la laini lilikuwa langu. Si la mume wangu, si la mama mkwe, wala si la wifi yangu, ingawa wote watatu walilipigia makofi siku ile kana kwamba nimevumbua umeme.

Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha kushona sare. Kwetu hakuna mtu anayeshona shati. Kuna anayeshona kola, kuna anayeunga mabega, kuna wa mikono, kuna wa vifungo, na shati linatembea meza hadi meza mpaka linanifikia mimi mwishoni. Mimi nalipindua ndani nje, navuta mishono, nalipitisha au nalirudisha lilikotoka. Mpangilio huo tunauita laini. Nimekaa kwenye laini miaka saba, mitano nikiwa wa kola na miwili nikiwa mkaguzi, na kiti kile nimekitolea jasho.

Sasa nyumbani tulikuwa na mtoto wa kike wa miezi sita asiyelala. Tunamwita Bosi, kwa sababu nyumba nzima inafanya kazi chini yake na hakuna aliyewahi kumridhisha. Nikisema halali simaanishi kuamka usiku kunyonya, hilo nilishalizoea. Nasema kule kulala kwenyewe, jioni. Ilikuwa lazima anyonye mpaka azimike na titi mdomoni, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umepinda, mguu umekufa ganzi. Nikijaribu kulichomoa titi, jicho moja linafunguka na kunitazama kama mimi ndiye mwizi. Tunaanza upya. Saa nzima, siku nyingine saa mbili, na hakukubali mtu mwingine yeyote.

Ningevumilia, maana nani hajavumilia, kama si habari ya zamu. Nilipotoka likizo ya uzazi msimamizi alinifanyia hisani akaniweka zamu ya asubuhi mpaka mtoto atimize miezi sita. Miezi sita ikatimia. Akaniita Jumatano moja akaniambia kuwa kuanzia Jumatatu ya juma la pili naingia saa saba mchana, natoka saa mbili usiku, kama wenzangu. Nikaanza kujieleza. Akaninyooshea kalamu.

"Mama Bosi, kiti cha mkaguzi hakikai wazi. Yule wa vifungo anakitazama kila siku. Ukishindwa, niambie mapema tu, hatutagombana."

Nikarudi nyumbani nimefura. Siku kumi na mbili! Ndani ya siku kumi na mbili, mtoto aliyekuwa halali ila kwangu ajifunze kulala bila mimi, la sivyo nimpishe binti wa vifungo. Hapo ndipo nilipowaita watu wote sebuleni nikawagawia kazi.

Mama mkwe, ambaye hushinda na Bosi mchana, nilimpa kuogesha, kwa sababu hakuna mwenye mikono ya kuogesha mtoto kama yeye na yeye mwenyewe hulisema hilo kila siku. Mume wangu, fundi friji, nilimpa kupaka mafuta na kuvalisha. Wifi yangu, anayesomea ususi chuoni, nilimpa kuimba, maana ana sauti. Mimi nikabaki mwisho, kumnyonyesha na kumlaza. Nikawaambia: kila siku, kwa utaratibu huohuo, mtoto atazoea, na sehemu ile ya mwisho, ya kwangu, nitaifupisha mpaka iishe.

"Yaani hapo umefikiri," alisema mume wangu.

"Mke umeoa," alisema wifi.

Mama mkwe alikubali, ila alitupia neno lake. "Mimi nimelea saba bila mkutano. Lakini sawa. Tujaribu ya kisasa."

Jioni ya kwanza tulianza kwa kungoja. Bosi aliamka kutoka usingizi wa alasiri saa kumi na nusu. Kufikia saa kumi na mbili na nusu alikuwa anapikicha macho na kuvuta sikio, lakini wifi alikuwa hajarudi kutoka chuoni, na laini haiwezi kuanza mtu wa katikati hayupo. Kwa hiyo tukamrusharusha, tukampigia vijiko, tukamwonyesha taa. Wifi akaingia saa mbili kasorobo, viatu mkononi, anahema. Haya, kazi ianze!

Mama mkwe akamwogesha. Kumbe kwa Bosi beseni ni uwanja wa mpira. Alipiga maji mpaka ukuta ukalowa, akacheka, bibi naye akacheka, wakachekeana robo saa. Kutoka hapo akapelekwa chumbani kwa baba yake, taa kubwa inawaka kwa sababu fundi hawezi kuona vifungo gizani. Baba akampaka mafuta huku akimpulizia tumboni. Kelele! Akapelekwa sebuleni kwa shangazi. Shangazi akaimba nyimbo tatu, ya tatu na makofi. Aliponifikia mimi, saa tatu kasoro, hakuwa mtoto wa kulaza. Alikuwa mtu aliyetoka harusini. Macho yamekodolewa, mikono inatetemeka, na baada ya dakika mbili akapasuka kilio cha hasira kilichowaamsha majirani wawili ninaowajua na wengine nisiowajua.

Nilimkagua nikamrudisha, kama shati. Hili nalisema kwa aibu. Nilimrudishia wifi, nikasema wimbo haukukaa vizuri, arudie.

Jioni ya pili hivyohivyo. Ya tatu wifi hakurudi kabisa mpaka saa mbili na nusu, kulikuwa na mtihani wa kusuka, na laini ikasimama. Mume wangu akajitolea kuimba nafasi ya dada yake. Nisiseme mengi, nampenda, lakini Mungu hakumpa kila kitu. Mtoto akalia. Mama mkwe akamchukua akamweka mgongoni akatembea naye uani mpaka akalala, tukamtua kitandani kama watu wanaotua kioo, na kichwa kilipogusa godoro akaamka. Mama mkwe akashika kiuno.

"Mgongo huu si wa jioni tena, mwanangu. Ulikuwa."

Jioni ya nne, Jumamosi, tuligombana. Mume wangu alisema mama anaogesha muda mrefu. Mama akasema anayepuliza matumbo ndiye mharibifu. Wifi akasema yeye ni mwanafunzi na hakuomba kuwa redio. Mimi nikasema hii nyumba hakuna anayefuata utaratibu, hata mmoja. Nilipiga meza. Bosi, aliyekuwa mikononi mwa sijui nani, aliruka kwa mshtuko akalia upya, na mama mkwe akasema, kwa sauti ya chini kabisa ili kila mtu asikie, "Kuchamba kwingi..." Akaishia hapo. Hakuhitaji kumaliza.

Jumatatu nilitoka kazini nikamchukua Bosi kwenda kliniki kupimwa uzito. Nesi wa pale ni mama wa makamo asiye na maneno ya kubembeleza. Alimweka mtoto kwenye mizani, akaandika, akanitazama mimi kuliko alivyomtazama mtoto.

"Wewe unalala?"

Nikaanza kulia. Mbele ya foleni nzima. Sijui yalitoka wapi, nilikuwa nimekuja na macho makavu. Nikamweleza yote, zamu, laini, nyimbo tatu, saa tatu usiku. Alisikiliza huku anafunga kadi.

"Nani anamlaza?"

"Sote."

Akacheka. Nilikasirika, kwa kweli, nilitaka kubeba mtoto wangu niondoke. "Mama, mtoto wa miezi sita mnampokezana watu wanne, vyumba vinne, taa zinawaka, halafu mnataka aelewe kwamba ni usiku? Mimi mwenyewe nisingelala. Amlaze mmoja. Mmoja, mwanzo mpaka mwisho, chumba kimoja. Leo wewe, kesho baba yake, sawa, lakini akianza mtu anamaliza."

"Na beseni?"

"Kama linamchangamsha, mwogesheni asubuhi. Jioni mfuteni tu. Na msingoje mtu. Akianza kupikicha macho ndiyo saa yake. Mkimpitisha hapo anachoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia, halali." Akahesabu kwa vidole. "Punguza mwanga. Maziwa mwanzo, si mwisho, ili asizoee kuzimika akinyonya. Mfute, nepi, nguo ya kulalia. Wimbo mmoja. Mlaze akiwa na usingizi lakini macho bado yanaona. Dakika ishirini, isizidi nusu saa. Jambo refu mtalifanya siku tatu mtachoka. Mkitaka la kila siku, liwe fupi."

Nikauliza kama atalala usiku kucha. Akaniangalia kama nimeuliza kama mvua itanyesha juu ya paa letu peke yake.

"Ataamka kunyonya, na umnyonyeshe. Huo ni umri wake. Tunachotafuta hapa ni kuanza kulala bila vita. Na kitandani umlaze chali, godoro gumu, asiwekewe mito wala blanketi zito. Mnayo mito?"

Ilikuwepo miwili, mama mkwe aliishona mwenyewe. Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

"Toeni leo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na nesi, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Miaka saba nimejua kwamba shati likipita mikono mingi hakuna anayelijua lote, kazi ya mkaguzi ipo kwa sababu hiyohiyo, na nimekwenda kumfanyia hivyo mtoto.

Kumwambia mama mkwe habari ya beseni na mito ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nilimwambia jikoni, tumepeana mgongo, ni afadhali hivyo. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu mchana.

"Kwa hiyo mikono yangu inamwamsha."

"Mama, inamfurahisha. Ndiyo maana halali usingizi ukimjia. Nataka umwogeshe asubuhi, nikiwa naangalia nijifunze."

"Hujajifunza mpaka leo?" alisema, na nikajua amekubali, japo mito aliitoa mwenyewe na kuibeba mbele yangu kimyakimya hadi chumbani kwake, mmoja mmoja, safari mbili.

Basi akabaki fundi mmoja, mume wangu. Hakukuwa na mwingine: yeye hufika nyumbani saa kumi na moja, mama mgongo, wifi chuo, mimi kuanzia Jumatatu ningekuwa kwenye meza yangu nageuza mashati. Nikikamua maziwa kazini na nyumbani, tunayahifadhi kwenye friji. Hilo nalo lilikuwa na matata yake, maana friji ya fundi friji ndiyo friji mbovu kuliko zote mtaani, mlango wake ulikuwa unafungwa kwa kamba. Mganga hajigangi. Nilimwambia ataitengeneza usiku huohuo au atanyonyesha yeye. Akaitengeneza.

Jumatatu hiyo jioni tukajaribu. Bosi alipopikicha macho, saa kumi na mbili na dakika arobaini, mume wangu akavuta pazia, akawasha taa ndogo ya pembeni, akachukua kikombe kidogo cha maziwa yaliyopashwa ndani ya bakuli la maji moto. Akanitazama.

"Wewe toka."

"Nitakaa kimya kabisa, pale kona."

"Atanusa maziwa, mama Bosi. Toka."

Nilitoka nikakaa kibarazani. Wifi alinitolea kigoda, naye akakaa. Tukasikia kikombe. Nusu ya maziwa nadhani ilikwenda kwenye shati. Tukasikia kitambaa, nepi, na ule wimbo wake, kama mtu anayesukuma kabati. Halafu kimya. Halafu kilio.

Siyo siri, kilio cha mtoto wako hakiingii masikioni. Kinaingia kifuani, na kwangu kilikuja na maji yake, nguo ikalowa pande zote mbili. Nilimsikia mume wangu anasema, "Shh, niko hapa, niko hapa." Hakumwacha. Alikuwa anampapasa kifuani, alikuwa pale. Najua. Lakini dakika ya tatu nilikuwa nimesimama, ya nne nilikuwa ndani, nimemnyakua Bosi kutoka kitandani, na titi limo mdomoni kabla sijakaa.

Mume wangu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliweka kile kikombe juu ya meza polepole.

"Ukiingia kila akilia, Jumatatu nitamwambia nini? Kwamba mama yuko nyuma ya mlango, alie tu zaidi?"

"Alikuwa anateseka!"

"Alikuwa analalamika. Nilikuwa naye. Mimi siyo mtu?"

Nilikuwa na hasira na yeye kwa kuwa pale, na hasira na mimi kwa kutokuwa pale, na nilipomwangalia niliona shati lake lina maziwa mpaka mfukoni na macho yake ni mekundu. Alikuwa ameumia. Tulilala tumepeana migongo.

Jumanne alinipa fedha ya kununua chumvi dukani, na chumvi tulikuwa nayo. Nilikwenda. Nilimwambia muuza duka anipimie polepole. Niliporudi Bosi amelala, amelia dakika kumi na mbili, mume wangu amekaa sakafuni karibu na kitanda jasho linamtoka. Jumatano dakika kumi na tano, nikasema mambo yanaharibika, nikasema yule nesi hajui kitu, nikasema nitamwandikia msimamizi nijiuzulu kabla hajaniaibisha. Niliichukua hata karatasi. Tena jioni hiyo, kabla ya kuanza, mume wangu, aliyechoka hoi kwa kubeba friji la bucha peke yake, alikuwa amesema leo wimbo urukwe, leo kufutwa kurukwe, alazwe tu.

Aliyenishangaza alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa uani, hata sikujua anasikiliza.

"Hakirukwi kitu," alisema. "Mmesema kila siku, ni kila siku. Mkiruka leo kesho mtoto atauliza mnaongopa wapi. Imba, baba, hata kama unaimba hivyo."

Akaimba hivyo.

Alhamisi tulipunguza. Mume wangu mwenyewe aligundua kwamba kumbadilisha nguo kwenye kitanda chetu kunamwamsha, kwa sababu anajua pale ni pa kuchezea, akaanza kumvalisha palepale anapokunywa maziwa. Akagundua pia akiimba taratibu zaidi, ubeti wa mwisho akiutoa bila maneno, kwa mguno tu, mtoto anageuza uso upande wa ukuta. Maziwa, kufuta, nguo, wimbo, kitanda. Dakika kumi na nane. Ijumaa alilia dakika sita. Jumamosi wifi alirudi na wenzake watatu wa chuoni wanacheka, mama mkwe akawapokea getini na upawa mkononi, wakaondoka kwa kunyata. Kilio kikavuka dakika kumi, nikatukana watu wasiokuwepo. Jumapili dakika nne. Sikusherehekea. Nilishachoka kufurahi mapema.

Basi Jumatatu ikafika. Saa saba kamili nilikuwa kwenye meza yangu. Msimamizi alipita akaniangalia, akaangalia saa, akapita. Binti wa vifungo alinisalimia kwa heshima ambayo sikuipenda. Nilifanya kazi. Nilirudisha mashati kumi na moja, na matatu ya hayo nadhani hayakuwa na kosa.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilishika shati nikasimama nalo. Sasa anavuta pazia. Sasa kikombe. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Sasa nepi. Sasa anaimba, maskini, ule wimbo. Maziwa yakaanza kushuka yenyewe, kwa saa yake, ikabidi nikimbilie chooni nikakamue nimeegemea mlango, na nikajikuta naguna ubeti wa mwisho bila maneno. Nikakasirika. Kwani nilikuwa wapi? Nilikuwa chooni kiwandani namwimbia ukuta.

Nilipotoka saa mbili sikusubiri mtu. Nilitembea haraka hadi nikaumwa mbavu. Getini nilisimama nisikilize. Hakuna kitu. Kimya cha namna ile kinaweza kuwa amelala, kinaweza kuwa wamempeleka hospitali. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, ili usilie.

Mume wangu alikuwa sebuleni anakula. Wifi alikuwa anasoma kwa midomo tu, bila sauti. Nikavua viatu nikaenda chumbani. Bosi alikuwa amelala chali, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyesalimu amri, uso mkavu, mdomo umefunguka kidogo. Sijawahi kumwona hivyo. Nasema kweli: tangu azaliwe sijawahi kumkuta amelala. Kila usingizi wake nilikuwa naujua tangu unapoanza, nilikuwa ndani yake, na huu haukunihusu.

Nikarudi sebuleni.

"Vipi?" nikanong'ona.

Mume wangu aliacha kutafuna. Aliniangalia usoni, na kitu alichokiona sijui ni nini.

"Ah, alisumbua," alisema. "Alikutafuta sana. Alilia nusu saa nzima. Kila mara anatazama mlango, hivi, anatazama mlango, anangoja uingie. Mpaka nikamwonea huruma."

Nikahisi nafsi inashuka mahali pake. Ni vibaya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikakaa. Nikasema, "Maskini mwanangu," na nikaipenda ile sauti ya kwangu.

"Nusu saa ya wapi?"

Ilikuwa mama mkwe, kutoka chumbani kwake, pazia limeshushwa.

"Mama, lala," alisema mume wangu.

"Siwezi kulala mtu anaongopa. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Wimbo haukuisha, mtoto kalala. Hata kulia hakulia. Alitoa sauti moja, eeh, basi, kama mzee anayekaa chini. Mpe mwenzio haki yake ajue kazi yake imefaulu."

Wifi akafunga daftari, akaondoka akiangalia chini.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Kumbe tumeshinda. Siku kumi na mbili za kupiga meza, nesi, mito, chumvi ya uongo, na tumeshinda, kiti changu kipo, kesho nitakwenda tena na keshokutwa tena, na mtoto atalala bila hata kugeuza uso kutazama nimekwenda wapi. Ndicho nilichokitaka. Ndicho nilichokililia mbele ya foleni nzima. Nikalia tena, na safari hii sikuwa na wa kumlaumu, na hilo lilinikera kuliko yote.

Akaja akakaa chini karibu na miguu yangu, mkono wake una harufu ya chakula na mafuta ya mtoto.

"Nilidhani utapenda kusikia hivyo," alisema.

"Usinidanganye tena. Unasikia? Hata kidogo. Mtoto akilala, sema kalala. Mimi ni mtu mzima."

"Sitakudanganya tena."

"Haya."

Tukakaa. Jikoni friji iliyotengenezwa ilikuwa inanguruma vizuri. Nikajifuta uso kwa kanga, nikapiga chafya, nikaangalia kama pazia la mama mkwe limetulia. Kisha nikainama karibu na sikio la mume wangu, ili mtu mwingine asisikie.

"Hebu niambie tena," nikasema, "pale anapotazama mlango."